Kupanga usaili wa jopo ukiwa Tukuyu: jinsi ya kujibu ujumbe wa afisa ajira

Kwa miaka kadhaa nilikaa Mbeya mjini nikipanga usaili kwa niaba ya waajiri wa mashambani na viwandani, kuanzia Mafinga hadi Kyela. Kazi iliyokuwa ikinila muda kuliko kusoma maombi yenyewe ilikuwa kutafuta saa moja ambayo watu watano wote wako wazi. Msaili mmoja akiwa peke yake, mnaelewana kwa simu mambo yanaisha. Wakiwa wanne, kila mmoja na kalenda yake na mji wake, jibu la mwombaji ndilo linaloamua kama usaili utakuwa wiki hii au utapotelea hewani.

Ninazungumzia ajira za makampuni, mashirika na miradi. Serikalini mambo ni tofauti: Sekretarieti ya Ajira hutangaza tarehe, saa na kituo kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili, nawe unafika kama ulivyoitwa. Huko hakuna cha kupendekeza.

Tumchukue binti mmoja wa Tukuyu. Ana diploma ya kilimo na anafanya kazi kwenye kituo cha kukusanyia parachichi. Aliomba kazi ya afisa ugani, na Jumatano tarehe 25 Machi 2026 akapata ujumbe huu:

> Habari. Tungependa kupanga nawe usaili wa jopo kwa njia ya video, dakika 75, wiki ya tarehe 30 Machi hadi 3 Aprili. Jopo lina watu wanne, walioko Dar es Salaam, Njombe, Lusaka na Amsterdam. Tafadhali tutumie nafasi zako, angalau tatu, kabla ya Ijumaa saa 6 mchana.

Kwanza, chambua ujumbe kabla hujaujibu

Wengi wanaona neno "usaili" tu, moyo unaruka, wanaandika "Asante sana, nipo tayari muda wowote." Jibu hilo lina heshima lakini halimsaidii afisa ajira hata kidogo. Anajua fika kwamba hauko wazi muda wowote. Akichagua Jumanne saa nne asubuhi, utamwambia siku hiyo una mizani kituoni, na yeye atakuwa ameshawasumbua watu wanne bure.

Ukiusoma ujumbe taratibu, una mambo manne ya kuyashika. Urefu ni dakika 75, maana yake nafasi ya saa moja haitoshi. Wiki imetajwa, na ndani yake mna Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa ya tarehe 27 saa sita mchana, yaani una siku mbili kasoro. La nne ndilo ambalo waombaji hulipita kama hawakuliona: mahali walipo wasaili. Hapo ndipo penye jibu la swali zima.

Kama ujumbe haukutaja walipo, uliza, kwa sentensi moja tu ndani ya jibu lako. Usitume barua mbili.

Pili, kaa kwenye kiti cha anayepanga

Afisa ajira amefungua kalenda nne mbele yake. Anatafuta pale zinapolaliana. Wewe huzioni kalenda hizo, ila unaweza kukisia umbo lake kwa kujua saa za miji.

Dar es Salaam na Njombe ziko saa moja na wewe, hapo hakuna hesabu. Lusaka iko nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima. Mtu wa Tunduma hahitaji kufundishwa hili, akivuka kwenda Nakonde tu ameshapata saa moja ya bure. Amsterdam ndiyo yenye mtego. Wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa mbili, na wakati wa kiangazi chao kwa saa moja, kwa kuwa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi chochote. Mwaka 2026 Jumapili hiyo ya Machi ni tarehe 29. Kwa hiyo ujumbe ulipotumwa Jumatano tofauti ilikuwa saa mbili, lakini wiki ya usaili ni saa moja.

Sasa weka siku ya kazi ya kila mmoja kwenye saa yetu. Wa Dar anaingia ofisini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Wa Lusaka akianza saa mbili yake, kwetu ni saa tatu. Wa Amsterdam akianza saa tatu yake, kwetu ni saa nne. Meneja wa shamba wa Njombe, na hili nalisema kwa uzoefu, asubuhi humpati. Yuko na wachumaji, simu iko mfukoni na mikono ina matope. Mhesabu kuanzia saa tano.

Kwa hiyo kabla ya saa tano asubuhi jopo hili halikamiliki. Kisha ondoa chakula cha mchana. Dar na Njombe hula saa saba hadi saa nane. Lusaka nao wakila saa saba yao, kwetu inakuwa saa nane hadi saa tisa. Kinachobaki bila kumnyima mtu ugali wake ni vipande viwili: saa tano hadi saa saba mchana, na saa tisa hadi saa kumi na moja jioni.

Binti wetu, kabla hajafanya hesabu hii, alikuwa ameandaa nafasi tatu nzuri kabisa: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla kazi haijapamba moto. Tatu kamili kama alivyoombwa, na hakuna hata moja ambayo ingefaa. Afisa ajira angemrudia Ijumaa mchana akiomba nyingine, wiki ingekuwa imeisha.

Tatu, kagua nafasi zako kwa ukweli

Nafasi ni muda ambao utakuwa mahali tulivu, penye mtandao, simu au kompyuta ikiwa na chaji. Muda wa kutokuwa kazini pekee hautoshi. Tukuyu mwezi Machi mvua bado ni nyingi, na radi za alasiri hukata umeme na kuutikisa mtandao. Kwa sababu hiyo kipande cha saa tano hadi saa saba ni bora kuliko cha saa tisa, ingawa vyote viwili vinaweza kutajwa. Kama unategemea kwenda Mbeya kwenye chumba cha kukodi chenye jenereta, kumbuka ni kama kilomita 70, na Hiace haiondoki mpaka ijae. Usitaje nafasi ya saa tano kama utakuwa bado Uyole unasubiri kushuka.

Ongeza nusu saa mbele na robo saa nyuma. Usaili wa jopo hauishi kwa wakati: kila msaili ana maswali yake, na wa mwisho huwa ndiye mwenye mengi. Kwa dakika 75, kipande cha saa mbili ndicho kipimo.

Kisha zungumza na bosi wako, ukiona inafaa, au panga ruhusa. Binti wetu Jumanne asubuhi hawezi kuondoka kwenye mizani, lori linapakia. Jumanne asubuhi ikatoka. Alhamisi mchana ana kikao cha kikundi cha wakulima kinachoanza saa nane, nayo mchana ikatoka.

Nne, andika vipande vya muda, usiandike nukta

Ukisema "Jumatano saa sita", umetoa nukta moja. Ukisema "Jumatano kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni", umempa anayepanga uwanja wa kuchezea, na ndani yake anaweza kupata mianzo mingi ya dakika 75. Ombi la "angalau tatu" linamaanisha vipande, na ukiwa na vinne toa vinne. Kuzidi hapo ni kumchosha msomaji.

Tatizo kubwa la kwetu ni namna ya kuandika saa. Ukiandika "saa 3", wa Dar ataelewa asubuhi, na wa Amsterdam, akisoma tafsiri, atafikiri alasiri. Tofauti ni saa sita, na nimewahi kuona mwombaji akiwa tayari mbele ya kamera saa tatu asubuhi, amevaa tai, akisubiri watu ambao wangeingia saa tisa alasiri. Alipiga simu akilalamika tumemdharau. Tulikuwa tumeandika "3 PM". Dawa yake ni kuandika saa kwa mtindo wa tarakimu nne, 11:00 au 15:00, na kuweka saa ya Kiswahili pembeni kama ujumbe ni wa Kiswahili. Hapo hakuna wa kukosea.

Taja siku na tarehe pamoja. "Jumatano ijayo" kwa mtu anayesoma Jumatatu ni kitendawili. Na siku ikigombana na tarehe, msomaji makini atajua umekosea na atakuuliza, badala ya kupanga siku isiyo yenyewe.

Jibu la binti wetu, lililotumwa Alhamisi asubuhi, liko hivi:

> Habari za asubuhi Bi. (jina),
>
> Asante kwa taarifa ya usaili. Nafasi zangu kwa dakika 75 ni hizi, zote kwa saa za Afrika Mashariki (UTC+3):
>
> Jumatano 1 Aprili, 10:00 hadi 17:00 (saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni), hii ndiyo inayonifaa zaidi
> Jumatatu 30 Machi, 11:00 hadi 13:00 (saa 5 asubuhi hadi saa 7 mchana)
> Alhamisi 2 Aprili, 10:00 hadi 13:00 (saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana)
> Jumanne 31 Machi, 15:00 hadi 17:00 (saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni)
>
> Ijumaa tarehe 3 ni Ijumaa Kuu, sitakuwepo. Nafasi hizi nitaziacha wazi hadi Jumamosi tarehe 28 jioni.
>
> Nitafurahi kujua majina na vyeo vya wanajopo mkishapanga. Simu yangu kama mtandao utasumbua: (namba).

Angalia mambo mawili humo. Ameweka ile anayoipenda juu na kusema hivyo waziwazi. Afisa ajira akiwa na chaguo mbili zinazolingana atakupa unayoitaka, hana sababu ya kukunyima, ila hawezi kuijua usipoisema. Pia ametaja mpaka wa kushikilia nafasi. Mstari huo ni wa adabu lakini una nguvu yake: unamfanya anayepanga ajue kwamba Jumapili huenda nafasi zikawa zimeliwa na mambo mengine.

Salamu iwe fupi. Shikamoo inaachwa kwa simu, kama sauti ya upande wa pili ni ya mtu mzima. Jibu ndani ya mazungumzo yaleyale ya barua pepe, usianzishe mapya, maana afisa ajira mmoja anaweza kuwa na waombaji sita wa kazi hiyohiyo. Kama wasaili wamewekwa kwenye nakala, jibu kwa wote. Kama hawamo, usiwatafute. Kumwandikia meneja wa Njombe pembeni kwa kuwa mnafahamiana kunavuruga mpango, na kunaonekana kama unatafuta njia ya mkato.

Ukipewa kiungo badala ya swali

Siku hizi wengine hutuma kiungo cha Calendly au mfano wake. Hapo kalenda za jopo zimeshapishanishwa na mashine, na unachokiona ni zile saa ambazo wote wako wazi. Kazi yako ni kuangalia ukanda wa saa unaoonyeshwa, kisha uchague. Ukurasa huchukua ukanda kutoka kwenye simu yako, na simu ya mtu wa Tunduma au Kasumulu ikidaka mnara wa upande wa pili inaweza kukuonyesha saa za Zambia au Malawi bila kukuambia. Chini ya kalenda pana mahali pa kubadili, tafuta `East Africa Time`. Chagua mapema, kwa sababu nafasi akishaichukua mwombaji mwingine inatoweka. Kama hakuna hata moja inayokufaa, usichague ya uongo ukitumaini kuibadili baadaye. Andika kwa aliyekutumia kiungo, ukimpa vipande vyako kama hapo juu.

Tano, jibu likirudi, lithibitishe kwa saa yako

Ijumaa jioni binti wetu alipata: "Tumepanga Jumatano 1 Aprili, 11:00 CET." Ukitazama haraka unaweza kusema, hiyo si saa tano asubuhi? Hapana. CET ni saa ya Ulaya ya Kati wakati wa baridi, yaani UTC+1. Saa tano kamili ya CET ni saa saba mchana kwetu. Lakini kuanzia tarehe 29 Machi Amsterdam haitumii tena CET, inatumia CEST, UTC+2, na watu wengi huendelea kuandika CET kwa mazoea mwaka mzima. Kama aliyeandika alimaanisha saa tano ya ukutani Amsterdam, kwetu ni saa sita mchana.

Kwa hiyo kuna majibu matatu yanayowezekana, saa tano, sita au saba, na usaili ni mmoja. Usikisie hata kama una uhakika na hesabu yako, maana hapa hujui kosa la mwenzako liko wapi. Aliandika:

> Nimepokea, asante. Naomba kuthibitisha: Jumatano 1 Aprili, 12:00 hadi 13:15 saa za Dar es Salaam (saa 6 hadi saa 7 na robo mchana)?

Usiulize "ni saa ngapi kwetu?" Weka jibu lako na umwache aseme ndiyo au hapana. Alijibiwa ndiyo, na mwaliko wa kalenda ukafuata. Ukiufungua kwenye simu yako, mwaliko hugeuza saa wenyewe kwenda ukanda wa simu, hivyo ukionyesha 12:00 mmekubaliana kweli. Ukionyesha 13:00 wakati umeambiwa 12:00, rudi ukaulize leo, usisubiri Jumatano. Bonyeza `Yes`, kwa sababu afisa ajira anaona nani amekubali na nani bado. Kisha futa alama kwenye zile nafasi nyingine, ila usizijaze haraka. Sababu inafuata.

Sita, mpango ukivunjika

Jopo la watu wanne lina njia nne za kuvunjika. Jumanne jioni afisa ajira aliandika kwamba meneja wa Njombe amepata dharura ya mzigo uliokwama barabarani, kesho hawezi. Je, kuna siku nyingine?

Hapa kalenda ya mwaka inambana kila mtu. Alhamisi ni tarehe 2. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume. Siku ya kwanza ya kazi kwa Tanzania baada ya Alhamisi ni Jumatano tarehe 8. Wiki nzima inapotea kwa sababu ya lori moja.

Mwombaji asiyejua hili hujibu "hakuna shida, nasubiri", na kwenye dawati la afisa ajira anageuka kuwa kiporo. Binti wetu alijibu ndani ya nusu saa kwamba ile nafasi ya Alhamisi 10:00 hadi 13:00 bado iko wazi, na kama haiwezekani basi Jumatano 8 Aprili 10:00 hadi 17:00. Mstari mmoja, chaguo mbili, bila manung'uniko. Hakusema "endeleeni na watatu tu", ingawa alitamani. Wengine huendelea na akidi, wengine hawawezi kwa sababu alama za wanajopo hujumlishwa. Uamuzi huo ni wao.

Kama ni wewe unayevunja, kanuni ni zilezile: andika mara tu unapojua, sababu iwe sentensi moja, na vipande vipya viwe ndani ya ujumbe huohuo. Kuomba radhi kwa aya tatu bila kutaja saa mpya ni kumwachia mwenzako kazi yote. Kubadilisha mara moja kunaeleweka. Mara ya pili, jopo huanza kujiuliza.

Alhamisi ilikubalika, 11:00 saa za Dar. Mwaliko mpya ukaja, lakini ule wa Jumatano haukufutwa, ukabaki kwenye simu yake na kiungo chake cha zamani. Hilo hutokea anayepanga anapotengeneza mwaliko mpya badala ya kuhariri wa awali. Binti aliufungua wa Alhamisi, akanakili kiungo cha video na kukiweka kwenye karatasi mezani, akaufuta wa Jumatano baada ya kuuliza. Saa nne na nusu asubuhi ya Alhamisi alikuwa ameshakijaribu kiungo kwa bando la simu ya pili, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Rungwe.